Namba tano anapokosa mtu wa kumkaba: safari ya mpira wa pasi

Mwaka 1925 sheria ya kuotea ililegezwa: mshambuliaji alihitaji wapinzani wawili tu kati yake na mstari wa goli, badala ya watatu. Magoli yakaongezeka, na timu za Uingereza zikamrudisha kiungo wa kati, namba tano, acheze beki, amgande namba tisa, mshambuliaji wa kati. Mipira mirefu ikawa inapigwa mbele, wawili hao wakigombea.

Novemba 25, 1953, Hungary walifika Wembley. Nándor Hidegkuti alivaa jezi namba tisa, lakini alirudi chini karibu na viungo wake. Harry Johnston, namba tano wa England, akabaki njia panda. Akimfuata, nyuma yake panabaki uwazi wa kuingia washambuliaji wenzake Puskás na Kocsis. Asipomfuata, Hidegkuti anapokea mpira na kugeuka bila bughudha. Kabla ya dakika ya kwanza kuisha, Hidegkuti alishafunga, na akamaliza na magoli matatu. Hungary 6, England 3.

Hata hivyo mpira wa kubutua haukufa. Charles Reep, mhasibu aliyeandika takwimu za mechi kwa miaka mingi, alionyesha kuwa magoli mengi hutokana na pasi tatu au pungufu. Hesabu ilikuwa sahihi, tafsiri ndiyo iliyopotoka. Katika mechi yoyote, mashambulizi mengi hukatika kabla ya pasi ya nne. Mtaa ukiwa na nyumba nyingi za bati, nyingi zitakazoungua zitakuwa za bati. Hilo halithibitishi kuwa bati ndilo linalowaka.

Kocha Rinus Michels aliipeleka mbinu ya Hungary mbali zaidi, Ajax kisha Uholanzi: si namba tisa peke yake anayehama, wote wanahama, na anayeacha nafasi huzibiwa na mwenzake. Hilo ndilo soka la jumla. Fainali ya Kombe la Dunia 1974 mjini Munich, Waholanzi walianzisha mpira wakapasiana taratibu. Cruyff, mshambuliaji, alishuka karibu na mstari wa kati, nyuma ya wenzake, akapokea, akakimbia nao hadi akaangushwa kwenye eneo la hatari. Neeskens akafunga penalti, na Mjerumani wa kwanza kugusa mpira alikuwa kipa Maier, akiutoa wavuni. Lakini Ujerumani Magharibi walishinda 2–1.

Cruyff alikuja kuifundisha Barcelona kuanzia 1988, na baadaye kiungo wake Guardiola akairithi kazi hiyo. Mei 2009, kwenye uwanja wa Bernabéu wa Real Madrid, Guardiola alimtoa Messi pembeni akamweka kati, kisha akamshusha. Mabeki wa kati wa Real, Cannavaro na Metzelder, wakakutana na mtihani uleule wa Johnston. Barcelona wakashinda 6–2.

Kwa hiyo tunapowafundisha makocha tunawaambia wasihesabu pasi, wamtazame beki wa kati wa wapinzani. Timu ikipiga pasi thelathini kutoka winga hadi winga naye hajahama hata hatua moja, hakuna kilichofunguliwa.