Mteja kapokea mzigo usio wake: dhana potofu kuhusu ujumbe wa kuomba radhi

Nauza mapazia kwa simu hapa Dar es Salaam. Mteja anachagua rangi kwenye picha, analipa, bodaboda anapeleka. Ijumaa moja dada mmoja wa Tabata aliyeagiza mapazia mawili ya kijivu alifungua mfuko akakuta ya krimu. Zamani ningemjibu vibaya, maana karibu dhana zote zilizo hapa chini niliwahi kuziamini.

Dhana: "Samahani kwa usumbufu uliojitokeza" inatosha.

Ukweli: Maneno hayo hayasemi nani kakosea wala kosa ni lipi. Usumbufu haukujitokeza wenyewe, sisi ndio tuliobandika jina lake kwenye mfuko wa mtu mwingine. Mteja akisoma hivyo anabaki na wasiwasi kama tumeelewa hata alichoagiza. Taja alichoagiza, taja kilichomfikia, kisha sema kosa ni lako. Sentensi mbili zinatosha.

Dhana: Arudishe kwanza, ndipo atumiwe wa kwake.

Ukweli: Hapa ndipo wauzaji wengi tunapokosea, tukidhani tunajilinda. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Isipolingana, mnunuzi anaweza kuikataa, na kama hamkukubaliana vingine halazimiki kuirudisha mwenyewe. Akikujulisha kwamba ameikataa, inatosha. Kwa hiyo kuufuata mzigo ni kazi ya muuzaji, na tusiutangaze kama fadhila.

Kwa mteja wa mjini, njia nyepesi ni kubadilishana mlangoni: bodaboda anafika na mzigo sahihi, anakabidhi, anachukua ule wa makosa, safari ileile. Hivi ndivyo nilivyoandika:

> Habari za mchana dada. Uliagiza mapazia mawili ya kijivu, mita 2.5, sisi tukakuletea ya krimu. Kosa ni letu, tulibadilisha majina kwenye mifuko. Tunaomba radhi sana. Ya kijivu tunayo na nimeshayaweka pembeni kwa jina lako. Kesho Jumamosi, kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana, bodaboda atakuletea na kuchukua haya ya krimu. Hulipi chochote, kuleta wala kuchukua. Usihangaike kuyakunja upya. Kama muda huo hautakufaa, niambie unaokufaa. Na kama ungependa kurudishiwa pesa badala ya mapazia, niambie pia, nitakurudishia leo.

Kabla ya kuandika "tunayo" nilikwenda stoo, nikafungua mfuko, nikapima urefu. Kuahidi kwa kuangalia daftari tu ni hatari, kwani mzigo wa pili ukikosewa tena, hata radhi iandikwe vizuri namna gani, mteja hataisikiliza.

Dhana: Kumrudishia nauli baadaye ni sawa na kuchukua bure.

Ukweli: Si sawa. Bure maana yake mteja hatoi hata shilingi, na hafuatilii deni la elfu tatu wiki nzima. Mlipe bodaboda kabla hajaondoka, tena mwambie wazi kwamba safari imeshalipwa. Nimewahi kumwahidi mteja "bure", kisha dereva akamwomba pesa mlangoni kwa sababu sikumwambia. Siku hiyo ilibidi niombe radhi mara mbili.

Dhana: Picha unayomwomba mteja ni ya kuthibitisha kwamba hasemi uongo.

Ukweli: Ukiiomba kwa nia hiyo, atahisi anashukiwa. Omba picha moja inayoonyesha bidhaa pamoja na karatasi ya jina, umweleze sababu: unatafuta kosa lilipotokea. Kama jina ni lake na bidhaa si yake, basi mifuko huenda ilibadilishana, na kuna mteja wa pili ambaye naye kapata kisicho chake. Kama jina ni la mtu mwingine, bodaboda ndiye aliyekabidhi mfuko usio wenyewe.

Picha ya dada wa Tabata ilionyesha jina lake, na mapazia ya krimu. Nikatazama oda za siku ile, nikaona ya krimu yalikuwa ya mama mmoja wa Mbagala. Alikuwa hajafungua mfuko wake wala hajalalamika. Nilimwandikia palepale, kabla hajagundua, ujumbe wa namna ileile. Tofauti ilikuwa moja: nilimwambia kwamba mapazia yake yalikuwa yamefunguliwa na mteja mwingine, nitayakagua na kuyapiga pasi kwanza, na asipoyataka nitamrudishia pesa yake. Akajibu: "Lete tu mwanangu, bora umesema."