Akaunti za siri ng'ambo: yanayosemwa na yanayotokea kweli

Tangu Septemba 2017 nchi zinazofuata kiwango cha CRS, kilichoandaliwa na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea, hutumiana kila mwaka taarifa za akaunti za watu wanaoishi nchi nyingine bila kusubiri kuombwa. Mengi yanayosemwa kuhusu utaratibu huu si sahihi, na makosa hayo huwafaidi wanaoficha mali.

Dhana: Mamlaka ya mapato sasa inaona kila muamala wa mtu nje ya nchi.

Haioni. Inachopokea ni muhtasari wa mwaka: jina la mwenye akaunti, anwani, tarehe ya kuzaliwa, namba ya mlipakodi, namba ya akaunti, salio la mwisho wa mwaka, na jumla ya riba, gawio na mauzo ya hisa au hati fungani. Benki hupeleka taarifa hizo kwa mamlaka ya nchi ilipo, nayo huzituma nchi anakoishi mwenye akaunti, kwa kawaida kabla ya Septemba ya mwaka unaofuata kwisha.

Ni kidogo, lakini kinatosha kuanzia. Zamani ofisa wa kodi alilazimika kuandika barua ya kuomba, akimtaja mtu anayemshuku na kueleza sababu. Asiyejulikana hakuweza kutajwa, na hapo ndipo siri ilipojificha. Hata anayehamisha pesa zote tarehe 30 Desemba ili salio lisome sifuri, riba na gawio la mwaka huo bado vitaonekana. Akiifunga akaunti, kufungwa kwenyewe huripotiwa.

Dhana: Kampuni ya ng'ambo inatosha kuficha jina.

Hii ndiyo dhana inayouzwa ghali zaidi, kwa hiyo tuifuate kwa mfano. Mfanyabiashara anayeishi Lyon, Ufaransa, anasajili kampuni Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Kampuni hiyo inafungua akaunti Geneva na kuweka euro milioni 2 za faida ambazo hakuzitangaza. Kwenye karatasi za benki, mteja ni kampuni.

Benki inauliza kampuni inafanya kazi gani. Haina wafanyakazi wala biashara, na mapato yake ni riba na gawio tu, hivyo inahesabiwa kuwa kampuni tulivu. Kwa kampuni ya aina hiyo benki haiishii kwenye jina la usajili, bali inamtafuta mmiliki manufaa, yaani binadamu anayeidhibiti, mara nyingi kwa kigezo cha hisa zaidi ya asilimia 25. Inamkuta yule wa Lyon. Uswisi inaituma Ufaransa jina lake pamoja na salio lote la kampuni.

Ofisa wa Ufaransa analinganisha na faili lake. Mkazi wa nchi hiyo anapaswa kutangaza akaunti zake za nje kwa fomu 3916. Hakuna fomu. Kuanzia hapo mfanyabiashara ndiye anayetakiwa kueleza pesa zilitoka wapi.

Anayezaliwa Mombasa na kuishi Lyon yumo katika hali hiyohiyo, kwa kuwa CRS huangalia ukaazi wa kikodi, si pasipoti. Marekani ndiyo inayofuata uraia, kwa sheria yake ya FATCA ya mwaka 2010.

Dhana: Nchi ikishasaini, taarifa zinaanza kumiminika.

Kusaini ni mwanzo tu. Nchi lazima iwe na sheria inayobana benki zake, ithibitishe kuwa inaweza kutunza siri za watu, kisha ikubaliane na kila mwenzake mmoja mmoja. Kenya ilianza kubadilishana mwaka 2024, miaka saba baada ya kundi la kwanza. Na faili likifika bila namba ya mlipakodi, au jina likiwa limeandikwa tofauti na lilivyo kwenye rejista, linaweza kukaa kwenye kompyuta bila kumgusa yeyote.

Dhana: Basi maficho yamekwisha.

Yamepungua, hayajakwisha. CRS inahusu akaunti na mali za kifedha. Nyumba iliyonunuliwa Dubai kwa jina la mtu mwenyewe haimo, wala dhahabu iliyofungiwa sandukuni. Marekani haijajiunga: inadai taarifa za raia wake duniani kote, lakini inazotoa kwa wengine ni pungufu mno. Huo ni upungufu mkubwa kuliko wote, na nchi maskini ndizo zinazoumizwa nao zaidi kwa sababu hazina nguvu ya kudai usawa.

Kuna pia wanaonunua kibali cha ukaazi katika nchi isiyotoza kodi ya mapato, kisha wanajaza tamko benki kwamba wanaishi huko. Taarifa zao husafiri kama kawaida, ila zinakwenda nchi isiyozihitaji. Benki makini huwagundua kwa vitu vidogo: namba ya simu ya Ulaya, anwani ya bili isiyolingana na kibali, au maelekezo ya kudumu ya kupeleka pesa kila mwezi kwenye nchi ambayo mteja anasema alishaihama. Ikiona hayo, benki haitakiwi kulipokea tamko hilo bila maelezo na nyaraka za kulithibitisha.