Mzigo umepakiwa, bima je? Kwa anayefunga bidhaa Kariakoo kwenda mkoani

Wafanyabiashara wengi wanaokuja na dai mezani kwetu, sisi watu wa bima, huanza na maneno haya: "Lakini lori lilikuwa na bima." Ni kweli lilikuwa nayo. Ila bima ya lazima ya gari hulipa watu wengine walioumizwa na gari hilo, na hata bima kubwa ya gari hulinda gari lenyewe. Marobota yako yaliyokuwa juu ya fuso hayamo. Ili yalipwe, lazima yawe na bima yake, ile ya bidhaa safarini.

Bima hiyo inauzwa kwa namna mbili, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kufuata bei. Ya bei nafuu hulipa pale tu gari linapopinduka, linapogongana au linapoungua. Ya bei ya juu huitwa ya hatari zote, na huongeza wizi, mvua na uharibifu mwingine wa ghafla. Mtu anayetuma kwa basi, mzigo wake ukipita mikono minne kabla ya kufika, wizi ndio humsumbua kuliko gari kupinduka. Akinunua ile ya kwanza, amelipia ulinzi wa jambo ambalo si tishio lake kubwa.

Tumchukue mama mwenye duka la vitenge na mashuka Mbeya. Anakodi fuso na kupakia mzigo wa shilingi milioni 24. Kwenye fomu ya bima aliandika kwamba mzigo wake mkubwa kwa safari moja ni milioni 18, ili ada ipungue. Gari linapinduka mlima Kitonga, na vitenge vya milioni 8 vinaharibika. Yeye anatazamia milioni 8, kwa kuwa hazijafika hata nusu ya kiwango alichokatia.

Mkataba wake una kifungu cha uwiano. Milioni 18 ni robo tatu ya milioni 24, kwa hiyo bima inabeba robo tatu ya hasara, yaani milioni 6. Mkataba pia unasema asilimia 10 ya kila dai ataibeba mwenyewe. Inatoka laki 6, anapokea milioni 5 na laki 4. Akiba ndogo ya ada imemgharimu karibu milioni 2.

Kuna tatizo lingine linaloniuma zaidi, kwa sababu huanzia dukani Kariakoo. Muuzaji anakuuliza risiti iandikwe ngapi, na wewe unakubali iandikwe pungufu. Siku ya hasara, mkadiriaji anayetumwa na bima kupima hasara atakuomba risiti hiyo hiyo ya EFD, na bei iliyoandikwa humo ndiyo itakayoaminiwa. Tena fidia hufuata bei uliyonunulia. Faida uliyotarajia kuipata Mbeya haihesabiwi, wala soko lililokupita kwa sababu gari lilichelewa.

Hata bima ya hatari zote ina mipaka. Unaovunja mioyo zaidi ni wizi kwenye gari lililoachwa bila mtu. Dereva na utingo wanaegesha Makambako usiku, wanakwenda kulala gesti, na asubuhi turubai limekatwa. Mikataba mingi hailipi hapo, isipokuwa gari lilikuwa limefungwa na liko kwenye uzio wenye mlinzi. Basi mwulize dereva kabla hajaondoka atalala wapi, na ukipata risiti ya maegesho, itunze. Vilevile wizi uliofanywa na mfanyakazi wako mwenyewe mara nyingi hauguswi.

Ufungaji nao ni chanzo cha ugomvi. Sahani zilizotupwa kwenye boksi bila makaratasi zikivunjika, tutasema zilifungwa vibaya. Mvua ikilowesha mashuka kwenye gari lisilo na turubai, jibu litakuwa hilo hilo. Nyanya zilizooza zenyewe njiani hazilipwi, kwa sababu kuoza ni tabia ya nyanya. Kama hutumii gari lile lile kila safari, hakikisha mkataba unataja magari ya kukodi na mabasi, maana mwingine hulinda mzigo ukiwa kwenye gari lako tu.

Mzigo ukifika, usitie saini kabla ya kuuhesabu. Karatasi ya kupokelea ikisema umepokea mzigo kamili na salama, umejifungia mlango wa kumdai msafirishaji, na kampuni ya bima nayo italalamika kwamba umeipotezea haki ya kumfuata. Andika upungufu juu ya karatasi hiyo hiyo: "marobota mawili hayapo, moja limelowa." Piga picha kabla ya kufungua zaidi. Kama ni wizi au ajali, chukua taarifa ya polisi wa eneo lilipotokea, kisha mjulishe bima siku hiyo hiyo. Vitenge vilivyolowa usivitupe wala kuviuza kwa bei ya hasara kabla mkadiriaji hajaviona.

Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi, na zitaje kifungu cha mkataba. Usiporidhika, peleka barua hiyo kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.