Mkengeuko sanifu: kwa nini ruleti inaweza kukuacha na faida usiku mmoja

Gurudumu la ruleti yenye sifuri moja lina namba 37: nyekundu 18, nyeusi 18, na sifuri ya kijani. Ukiweka shilingi 1,000 kwenye nyekundu na mpira ukaangukia nyekundu, unapata 1,000 juu ya dau lako. Ukiangukia nyeusi au sifuri, dau limeliwa. Kwa hiyo katika kila mizunguko 37 unategemea kushinda mara 18 na kushindwa mara 19, yaani kupungukiwa shilingi 1,000 katika jumla ya madau ya 37,000. Hiyo ni asilimia 2.7, na ndiyo faida ya kasino. Hakuna mbinu ya kupanga madau inayoiondoa.

Mfanyabiashara mmoja wa dagaa pale Kibirizi, hapa Kigoma, aliposikia hesabu hii aliniuliza: "Sasa mwalimu, kama kasino lazima ile, mbona juzi nimecheza kwenye simu mizunguko kama mia, na nimetoka na elfu nane?"

Vijiweni swali hilo lina majibu mawili. Wapo wanaosema jamaa ana mkono, anajua kusoma gurudumu. Wengine wanasema mtandao ulimpa chambo ili arudi. Mimi naona yote mawili yanatafuta sababu mahali ambapo hesabu ya kawaida inatosha. Mchezo ukiwa wa haki kabisa, bila mbinu na bila chambo, watu wengi watatoka na faida baada ya mizunguko mia. Tena tunaweza kusema ni wengi kiasi gani, na hapo ndipo mkengeuko sanifu unapohitajika.

Wastani unakuambia matokeo yanaelemea wapi. Mkengeuko sanifu unakuambia matokeo hutawanyika umbali gani kutoka kwenye wastani huo. Tuanze na mzunguko mmoja. Wastani wake ni kupoteza shilingi 27, lakini hakuna mtu aliyewahi kupoteza shilingi 27 kwenye mzunguko mmoja wa dau la 1,000. Anapata 1,000 au anapoteza 1,000. Akishinda, amekaa shilingi 1,027 juu ya wastani. Akishindwa, amekaa 973 chini yake. Chukua umbali huo kila upande, uzidishe kwa wenyewe, tafuta wastani wa majibu hayo kwa kuzingatia kwamba ushindi una nafasi 18 na hasara 19, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni shilingi 999 na senti kadhaa. Tuseme 1,000. Yaani kwenye mzunguko mmoja mtawanyiko ni 1,000 na mwelekeo wa hasara ni 27 tu. Mtawanyiko umeuzidi mwelekeo karibu mara 37.

Sasa tucheze mizunguko 100. Hasara inayotegemewa inajumlishwa moja kwa moja: 27 mara 100 ni shilingi 2,700. Mtawanyiko haujumlishwi hivyo. Mpira haukumbuki ulikoangukia mzunguko uliopita, kwa hiyo ushindi na hasara vinafutana kwa sehemu kubwa, na kinachobaki hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mizunguko. Kipeuo cha pili cha 100 ni 10, hivyo mkengeuko sanifu wa mizunguko 100 ni shilingi 10,000, si 100,000.

Weka namba hizo mbili pamoja. Kitovu cha matokeo ni hasara ya 2,700, na mtawanyiko kuzunguka kitovu hicho ni 10,000. Kwa idadi hii ya mizunguko, takribani watu 68 kati ya 100 huangukia ndani ya mkengeuko mmoja kutoka kitovuni, yaani kati ya hasara ya 12,700 na faida ya 7,300. Zaidi ya theluthi moja ya eneo hilo iko upande wa faida. Ukipiga hesabu kamili, nafasi ya kutoka na faida baada ya mizunguko 100 kwenye nyekundu ni kama asilimia 36, na nafasi ya kutoka sare ni karibu asilimia 8. Yule bwana wa Kibirizi na elfu nane zake? Kwa dau la 1,000 kwenye nyekundu, kupata elfu nane au zaidi hutokea kwa karibu mtu mmoja kati ya sita. Matokeo yake ni mazuri, lakini hayana ajabu yoyote, na hayatuambii lolote kuhusu uwezo wake wa kucheza. Umbali wa mkengeuko mmoja hivi ni jambo la kila siku.

Hapa kuna kitu ambacho naona hakisemwi vya kutosha. Fikiria vijana 100 wa Mwanga na Ujiji, kila mmoja anacheza mizunguko yake 100 kwa dau lilelile la 1,000. Karibu 36 wataamka na faida, na kesho yake watasimulia. Wanane hivi watakuwa palepale walipoanza. Waliobaki, zaidi ya nusu, wameliwa, na wengi wao hawatasema. Ukikaa kijiweni ukasikiliza, utaamini mchezo unalipa. Lakini kasino haichezi mizunguko 100. Usiku huo imecheza mizunguko 10,000, kwa sababu imecheza na wote. Upande wake wastani ni faida ya 270,000, na mkengeuko sanifu ni kipeuo cha pili cha 10,000, yaani 100, mara 1,000: shilingi 100,000. Ili kasino ipate hasara, matokeo lazima yakengeuke kwenda chini zaidi ya mara 2.7 ya mtawanyiko wake, na hilo hutokea kama mara tatu katika nyakati elfu moja. Ni gurudumu lilelile na kanuni zilezile. Mchezaji anaweza kuamka na faida na kasino ikapata faida usiku uleule, na hakuna mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili.

Kwa hiyo urefu wa mchezo ndio unaoamua nani ana nguvu. Hasara inayotegemewa hukua sambamba na idadi ya mizunguko, mtawanyiko hukua polepole zaidi, na mahali fulani lazima hasara iufikie. Kwa dau la nyekundu, mahali hapo ni 37 mara 37, yaani mizunguko 1,369. Hapo hasara inayotegemewa ni shilingi 37,000 na mkengeuko sanifu ni 37,000. Nafasi ya kuwa na faida imeshuka hadi karibu asilimia 16. Kabla ya hapo bahati ina sauti kubwa kuliko sifuri ya kijani. Baada ya hapo sifuri inaanza kusikika, na kila unavyoendelea inazidi. Lakini hakuna ukuta pale kwenye 1,369. Nafasi inateremka pole pole: ni asilimia 45 hivi kwenye mizunguko 25, ni 36 kwenye mia, ni 28 kwenye mia nne. Anayesema "nitaacha kabla ya kufika 1,369" hajajikinga na chochote, kwa sababu kwenye kila mzunguko, wa kwanza na wa mwisho, wastani wake ni hasara ya shilingi 27.

Aina ya dau nayo hubadilisha picha, tena kwa namna inayowapoteza watu. Weka 1,000 hiyohiyo kwenye namba moja, tuseme 17. Malipo ni 35 kwa moja na hasara inayotegemewa ni ileile, shilingi 27 kwa mzunguko. Ila mtawanyiko wa mzunguko mmoja sasa ni kama shilingi 5,840, karibu mara sita ya ule wa nyekundu. Cheza mizunguko 35 kwa namba hiyo hiyo. Ikitoka angalau mara moja, una faida, kwa sababu ushindi mmoja unakurudishia 36,000 na madau yote yalikuwa 35,000. Nafasi ya kutoka angalau mara moja katika mizunguko 35 ni karibu asilimia 62. Yaani katika mchezo unaokula, wachezaji wengi kuliko nusu wanaweza kumaliza na faida.

Kosa ni kudhani asilimia 62 inamaanisha mchezo umegeuka. Angalia ukubwa wa faida. Karibu asilimia 37 ya wachezaji namba yao imetoka mara moja tu, nao wanaondoka na shilingi 1,000. Robo hivi imewatokea mara mbili au zaidi, hao wameondoka na 37,000 au zaidi. Waliobaki, asilimia 38, wamepoteza 35,000 yote. Ukijumlisha pande zote, wastani unarudi kwenye hasara ya shilingi 946 kwa kila mchezaji, sawasawa na asilimia 2.7 ya 35,000. Na ukiongeza mizunguko miwili tu, ikawa 37, yule mwenye ushindi mmoja anakuwa na hasara ya 1,000. Mara ngapi umeshinda na umeshinda kiasi gani ni maswali tofauti, na kijiweni huulizwa la kwanza tu.

Hesabu zote hizi zinadhani una fedha ya kumaliza mizunguko uliyopanga. Mtu akiingia na 10,000 tu na kucheza nyekundu kwa 1,000, mkengeuko sanifu wa mizunguko mia unalingana na mfuko wake wote. Nafasi ya kufilisika kabla ya kumaliza mia ni karibu nne kati ya kumi. Wapo miongoni mwao ambao wangepanda tena kama wangekuwa na akiba, ila mchezo wao umeishia pale. Na anayeongeza dau ili kufidia anapanua mtawanyiko tu: nafasi ya kurudisha inaongezeka, hasara inayoweza kumpata inaongezeka nayo, na asilimia 2.7 sasa inakatwa kwenye madau makubwa zaidi.

Kwenye simu angalia mambo mawili kabla ya kupiga hesabu yako. La kwanza ni kasi. Mzunguko ukichukua nusu dakika, mizunguko 1,369 inakwisha kwa muda wa saa 11 na nusu hivi, jambo ambalo mtu anaweza kulifikia kwa jioni chache bila kuhisi kwamba amecheza sana. La pili ni sifuri. Kama kwenye skrini kuna 0 na pia 00, namba zimekuwa 38 na faida ya kasino kwenye nyekundu imeruka hadi asilimia 5.26. Mtawanyiko umebaki uleule, shilingi 1,000 kwa mzunguko, kwa hiyo hasara inaufikia mapema zaidi: kwenye mizunguko 19 mara 19, yaani 361. Kwa kasi ileile ya nusu dakika, ni muda wa saa 3.