Visima tisa, siku tatu: n yako ni ngapi?

Mwanafunzi mmoja wa uzamili alikuja ofisini kwangu na kompyuta mkononi, uso umechangamka. "Mwalimu, p imetoka 0.037!" Alikuwa anapima kama dondoo ya majani ya mwarobaini inapunguza ukuaji wa E. koli. Alikuwa ametumia sahani ya visima 96, akasubiri saa sita, kisha akasoma ukungu wa bakteria, yaani OD, kwa mwanga wa nanomita 600. Kila siku aliweka visima vitatu bila dawa na visima vitatu vyenye dawa, na kazi hiyo aliifanya siku tatu tofauti. Kwa hiyo alikuwa na visima tisa kila upande, na tisa zote akaziingiza kwenye jaribio la t.

Hizi hapa namba zake. Nimezirahisisha kidogo, na kila moja ni wastani wa visima vitatu vya siku hiyo:

```
siku   bila_dawa   dawa
1      0.81        0.67
2      0.96        0.84
3      0.70        0.61
```

Ndani ya siku moja visima vilikubaliana mno: 0.80, 0.81, 0.82. Kati ya siku na siku vilipishana sana, 0.96 leo na 0.70 kesho yake. Hapo ndipo penye mambo. Visima vitatu vya siku moja vimetoka kwenye chupa moja ya bakteria, mchuzi wa kuoteshea ni ule ule, joto ni lile lile, na mkono ulioshika pipeti ni mmoja. Ukichota vikombe vitatu vya chai kutoka sufuria moja ukavionja, utajua kama uchotaji wako uko sawa. Hutajua kama mpishi huyo hupika chai ya namna hiyo kila siku. Visima vitatu vinapima uchotaji. Siku ndizo zinazopima bakteria na dawa.

Kwa hiyo n, yaani idadi ya vipimo vinavyojitegemea, hapa ni 3, si 9. Jaribio la t linachukulia kwamba kila namba unayoiingiza imejitegemea, na visima vya sufuria moja havijitegemei. Ukivihesabu kimoja kimoja, unajidai una ushahidi mara tatu ya ulio nao. Hii haimaanishi kwamba visima vya ziada ni hasara. Vinakuonyesha pipeti iliyoteleza, au kisima cha pembeni kilichokauka kuliko wenzake. Vitumie kwa ukaguzi huo, kisha tafuta wastani wao, na huo wastani ndio uende kwenye hesabu.

Nilimwambia afanye hivyo, akarudia jaribio la t kwa wastani tatu dhidi ya wastani tatu. p ikaruka hadi 0.32. Uso ukamshuka.

"Sasa niandike dawa haifanyi kazi?"

Hapana, maana bado tulikuwa tunatupa kitu. Tazama tena jedwali. Siku ya 2 bakteria walistawi pande zote mbili, siku ya 3 walizorota pande zote mbili. Bila dawa na yenye dawa za siku moja ni jozi, zimezaliwa kwenye chupa moja. Jaribio la t la kawaida halijui hilo, linachukua mtikisiko wote wa siku kuwa kelele. Jaribio la t la jozi linauliza swali jingine: ndani ya kila siku, tofauti ilikuwa kiasi gani? Ilikuwa 0.14, 0.12 na 0.09. Wastani wake ni 0.117 na mkengeuko sanifu ni 0.025 tu. Ukigawanya mkengeuko huo kwa kipeuo cha pili cha 3 unapata kosa sanifu la 0.0145, na t inakuwa karibu 8. Kwa digrii 2 za uhuru, p ni 0.015.

```r
t.test(bila_dawa, dawa, paired = TRUE)
```

Namba zile zile, majibu matatu: 0.037, 0.32, 0.015. Mtu asidhani nilichagua jozi kwa sababu p yake ni ndogo. Jozi zilikuwepo tangu asubuhi ile alipogawa chupa moja pande mbili, na uamuzi huo huandikwa kwenye daftari la maabara kabla ya kusoma sahani. Kama angetumia chupa mbalimbali zisizohusiana, jibu lingebaki 0.32. Na hata hiyo 0.015 imesimama juu ya tofauti tatu tu. Huwezi kukagua umbo la mtawanyiko kwa nukta tatu. Mimi ningeongeza siku mbili au tatu kabla ya kuongeza kisima hata kimoja.

Wiki mbili baadaye alileta dozi ya pili. Makundi sasa ni matatu, na kishawishi ni kufanya majaribio ya t matatu. Kila moja lina nafasi ya asilimia 5 ya kukudanganya hata kama dawa ni maji matupu; matatu yakiwa yamejitegemea, nafasi ya kudanganywa walau mara moja inafika karibu asilimia 14. Hapa ndipo anova inapoingia: inauliza mara moja kama makundi yote yanaweza kuwa na wastani mmoja. Ile hoja ya jozi haifi. Siku inaingia kama kundi lake:

```r
wastani$dozi <- factor(wastani$dozi)
wastani$siku <- factor(wastani$siku)
summary(aov(od ~ dozi + siku, data = wastani))
```

Usiruke hiyo mistari ya `factor`. Siku ikibaki 1, 2, 3 kama namba, R itachora mstari ulionyooka kupita siku zako. Utajua kwa kusoma safu ya `Df`: kwa dozi tatu na siku tatu inapaswa kuwa 2, 2, na 4 kwa mabaki. Ukiona siku ina 1, umesahau. Ukiona mabaki yana 22, umemwaga visima vyote 27 ndani. Anova ikisema kuna tofauti, haijasema ni wapi. Kama swali lako lilikuwa kila dozi dhidi ya bila dawa, tumia jaribio la Dunnett. Kama ni kila kundi na kila kundi, la Tukey.

Ikabaki grafu. Vijiti vyake vilikuwa vifupi vya kupendeza: kosa sanifu la visima tisa, 0.038. Kwa siku tatu, kosa sanifu la upande wa bila dawa ni 0.075, mkengeuko sanifu ni 0.13, na masafa ya uhakika ya asilimia 95 yanaenda 0.32 juu na 0.32 chini. Vyote vinaitwa vijiti vya kosa, na asiyeambiwa ni kipi hana la kusoma. Tena, ukibonyeza `Standard Error` kwenye grafu ya Excel, inakokotoa kutoka nguzo zenyewe zilizochorwa na kuzipa zote kijiti kimoja. Nguzo zikiwa na vijiti vinavyolingana kabisa, shuku hapo. Njia ni `Custom`, ukiweka ulizokokotoa mwenyewe.

Kwa nukta tatu mimi sichori nguzo kabisa. Tulichora nukta za kila siku, tukaziunganisha kwa mstari siku kwa siku, ili macho yaone mistari yote mitatu ikishuka. Pembeni tukaweka tofauti na masafa yake. Chini yake aliandika: "Kila nukta ni wastani wa visima vitatu vya siku moja; n = 3 (siku, kila siku chupa mpya ya bakteria). Tofauti ya wastani 0.12, masafa ya uhakika ya asilimia 95 ni 0.05 hadi 0.18, jaribio la t la jozi."