Herufi za Kiarabu kwenye pakiti si lazima ziwe Kiarabu

Julai 2025 mama mmoja wa Mombasa alinitumia picha ya pakiti ya tende. Aliyatambua maandishi kuwa ya Kiarabu, akasoma tarehe ya mwisho wa matumizi kuwa 1404/07/20, akahesabu kwa Hijria. Jibu alilopata ni Rajabu 1404, yaani Aprili 1984. Alitaka kujua kama azitupe au amrudishie mwenye duka.

Herufi alizisoma sawasawa, ila lugha siyo. Kama vile herufi tunazoandikia Kiswahili zinavyoandika pia Kiingereza na Kifaransa, herufi za Kiarabu huandika Kiajemi, Kiurdu, Kipashto na nyinginezo. Hata Kiswahili kiliandikwa kwa herufi hizo kabla ya kuenea herufi za Kirumi. Kwa hiyo ukishazitambua herufi, bado hujaitambua lugha.

Mimi huanzia kwenye uzito, kwa sababu karibu kila pakiti ya chakula inao na neno lake ni fupi. Pakiti ile iliandikwa گرم, yaani gramu. Herufi ya kwanza kulia, گ, ina mkia wa juu wenye vistari viwili, na hutamkwa kama g ya "gari". Kiarabu sanifu hakina herufi hiyo, ndiyo maana Waarabu huandika غرام au جرام. Kiurdu kinayo, lakini huongeza alifu katikati: گرام. Neno hilo moja lilitosha kunielekeza kwenye Kiajemi. Tena jina la bidhaa lilikuwa خرما, ambalo ndilo neno la Kiajemi la tende. Mwarabu angeandika تمر.

Ukikosa uzito, tafuta پ na چ, zenye nukta tatu chini. Hizo si za Kiarabu sanifu. Kiurdu hujitambulisha kwa ٹ na ڈ, zilizobeba alama ndogo kama ط juu, na kwa ے, inayojikunja kurudi kulia mwishoni mwa neno. Kiarabu nacho kina ة, yaani duara lenye nukta mbili juu, pamoja na ال inayotangulia maneno mengi. Usihukumu kwa herufi moja tu. Baadhi ya waandishi wa pwani yetu waliazima پ na چ kuandikia Kiswahili, na majina ya biashara huandikwa kila mtu apendavyo. Zikikubaliana dalili mbili au tatu, hapo sema.

Tarakimu nazo husaidia. Nne, tano na sita za Kiarabu ni ٤ ٥ ٦, za Kiajemi ni ۴ ۵ ۶. Kwenye picha ya mama yule nne ilikuwa ۴, na hilo ndilo lililoamua suala la tarehe. Iran hutumia kalenda ya jua. Inahesabu miaka tangu Hijra kama kalenda yetu ya Kiislamu, lakini mwaka wake una siku 365 au 366 na huanza karibu na tarehe 21 Machi. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwandamo wa mwezi na ni mfupi kwa siku 10 au 11 hivi, kwa hiyo hesabu mbili hizo zimeachana kwa zaidi ya miaka 40.

Kupata mwaka wetu, jumlisha 621. 1404 na 621 ni 2025. Mwezi wa saba wa Kiajemi ulianza tarehe 23 Septemba mwaka huo, kwa hiyo siku yake ya 20 ni tarehe 12 Oktoba 2025. Tende za mama zilikuwa na karibu miezi mitatu mbele yake. Uangalifu unahitajika mwishoni mwa mwaka wao: kuanzia takriban siku ya 11 ya mwezi wa kumi, jumlisha 622, maana sisi tumeshaingia Januari.

Pakiti za kuuzwa nje mara nyingi huwa na lugha mbili, Kiajemi upande mmoja na Kiarabu upande wa pili, kwa hiyo kila upande usome peke yake. Namba chini ya mistari ya msimbopau ikianza na 626, kampuni imesajili msimbo huo Iran; 628 ni Saudia, 896 ni Pakistani. Namba hiyo haithibitishi lugha wala mahali bidhaa ilipotengenezwa, ila huunga mkono ulichokwisha kuona.

Kinachoharibu kazi zaidi ni picha yenyewe. Nailoni hung'aa, na mng'ao ukipita juu ya پ, nukta tatu huungana zikaonekana moja na herufi ikasomeka ب. Vistari viwili vya گ navyo huwa kimoja, ikawa ک. Inamisha pakiti hadi mng'ao uondoke, sogea karibu na uzito, piga, kisha piga tarehe peke yake. Mama yule alipiga picha tatu, na ni kwenye ya tatu tu nilipoviona vistari vyote viwili.