Timu mpya ya vijana: soda za pamoja hazizuii goli la kona

Tuseme una vijana 16 wa chini ya miaka 17, wa mitaa tofauti ya Dodoma, wengine wa Chang'ombe, wengine Kizota, wengine Nkuhungu, na wiki tatu zijazo wana mechi.

Dhana: Wakizoeana nje ya uwanja, watacheza kitimu.

Ukweli: Kupatana ni jambo moja, kushirikiana kazini ni jingine. Vijana wanaweza kula pilau sinia moja Jumamosi, kesho yake wakafungwa goli la kona kwa sababu kila beki alidhani mwenzake ataruka.

Anza na kona hiyo hiyo. Kipa ndiye anayeamuru, kwa neno moja: "Yangu!" au "Toa!" Beki wa pembeni wa upande inakopigwa kona anakaa nguzo ya karibu. Namba 4 na namba 5 wanaruka mbele ya goli. Namba 6 anasubiri ukingoni mwa boksi mpira unaorudi, namba 9 anabaki mbele. Waliobaki, kila mmoja anaonyeshwa mtu wake kwa kidole. Ile amri ya "kabeni wote" ndiyo inayozaa uzembe. Mfaransa Max Ringelmann, aliyechapisha majaribio yake ya watu kuvuta kwa pamoja mwaka 1913, aliona kwamba kadiri kundi linavyokua, kila mtu anatoa nguvu pungufu ya ile anayotoa akiwa peke yake. Sababu moja ni kwamba hawavuti kwa wakati mmoja. Nyingine, iliyothibitishwa baadaye, ni kwamba mtu hujificha ndani ya kundi.

Ukitaka kujua kama wameelewa, muulize kila mmoja pembeni: kona ikipigwa, unasimama wapi? Anayejibu "tunakaba" hajui kazi yake. Muulize na wa akiba, maana akiingia bila kuambiwa, nguzo inabaki wazi.

Dhana: Lengo ni kombe, inatosha.

Ukweli: Kombe linategemea na wapinzani pia. Lengo la wiki liwe jambo lililo mikononi mwao, kwa mfano: Jumapili hakuna mpinzani atakayepiga kichwa huru kwenye kona. Hilo hata wao wenyewe watalihesabu.

Dhana: Mazoezi magumu ndiyo yanayounganisha.

Ukweli: Mazoezi magumu mapema huwarudisha kwa watu wanaowajua. Duara la wanne nje wakipasiana na mmoja katikati akiuwania mpira, ndani ya mraba wa hatua 8, linatosha. Viwanja vyetu vingi Dodoma ni vya udongo mgumu na mpira unadunda ovyo, kwa hiyo ruhusu miguso miwili. Mguso mmoja utawakatisha tamaa bure. Changanya mitaa, kisha hesabu kimya kimya: pasi ngapi zinavuka kutoka Kizota kwenda Nkuhungu? Zikiwa chache wakati mtu yuko wazi, tatizo si ufundi. Mpira ukipotea kabla ya pasi ya nne kila mara, ongeza hatua mbili kila upande. Wakifika pasi 15 bila jasho, punguza mraba.